Kupima grafu kwa rangi mbili: utafutaji kwa upana au kwa kina?
Lengo ni kujua kama nodi za grafu zinaweza kupakwa rangi mbili bila kiungo chochote kuunganisha nodi za rangi moja. Utafutaji kwa upana huenda tabaka kwa tabaka kutoka nodi ya kwanza, na ule wa kina hufuata njia moja hadi mwisho kabla ya kurudi nyuma. Njia zote mbili hupaka nodi ya kwanza rangi nyekundu, jirani zake kijani, na kuendelea kupishanisha hivyo hadi nodi ziishe au kiungo kikutwe na rangi moja pande zote mbili. Zinachotofautiana ni jinsi zinavyotoa ushahidi kwamba rangi mbili hazitoshi.

Chukua viungo A-B, B-C, C-D, D-E na E-A. Utafutaji kwa upana ukianzia A hupaka B na E kijani, kisha C na D nyekundu, na mgongano hutokea kwenye C-D, nodi za tabaka moja. Kwa kuwa kila moja iko hatua 2 kutoka A, mzunguko una viungo 2 + 2 + 1, idadi witiri, ambayo rangi mbili haziwezi kupishana na kurudi salama zilikoanzia.

Utafutaji kwa kina hupita A, B, C, D, E na kugongana kwenye E-A, huku mzunguko mzima ukiwa tayari kwenye njia inayopitiwa. Ni urahisi wa kuvutia, lakini kwa grafu ndefu napendelea upana, kwa sababu utafutaji kwa kina mara nyingi huandikwa kwa funksheni inayojiita yenyewe, na Python kwa kawaida huzuia funksheni kujiita zaidi ya kina cha takriban 1000. Grafu ikiwa na vipande vilivyotengana, kila kipande lazima kianzishwe upya, la sivyo mzunguko witiri ulio kwingine hautagunduliwa.