Kikapu, Chungu au Chetezo: Kipi Ununue Kwanza kwa Duka Lako la Mtandaoni

Ukienda sokoni na mtaji mdogo kununua bidhaa za ususi na ufinyanzi za kuuza mtandaoni, usivutwe na kinachopendeza kuliko vyote. Nunua kwanza kitu ambacho dosari zake zote zinaonekana kwenye picha, na kinachoweza kusafiri kikafika vilevile. Kazi ya mkono haina pacha. Mteja hana neno na mshono uliopinda kidogo ikiwa aliuona kabla ya kulipa. Asichosamehe ni kufungua boksi akakuta kitu ambacho hakuonyeshwa. Kwa kipimo hicho nimepanga vitu vitano, kuanzia kile ambacho ningetia pesa leo hadi kile ambacho ningekiacha palepale dukani.

Kwanza mwanga, kwa sababu ndio unaotumia kukagua sokoni na ndio utakaopigia picha nyumbani. Unataka mwanga wa mchana usio na jua la moja kwa moja, unaoingia kutoka ubavuni. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Wakati wa kusi, basi, mlango au dirisha linalotazama kusini ndilo litakalokupa mwanga laini. Wakati wa kaskazi, hamia upande wa pili wa nyumba. Saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri ni afadhali kuliko saa sita, jua linapokuwa utosini na kila tundu la ususi linageuka doa jeusi. Zima taa, maana manjano ya balbu huufanya ukindu mbichi uonekane mkuukuu. Kama ukuta wa baraza ni wa kijani, tandika shuka jeupe upande ule, la sivyo chungu chako nacho kitaonekana kijani.

Nafasi ya kwanza ni ya kikapu laini cha ukili, kile cha ukindu au miyaa kinachokunjika. Ukili ni ule utepe uliosukwa kisha ukashonwa kwa mzunguko hadi ukawa kikapu, na humo ndimo alama za mkono zinamokaa: upana unaobadilika kidogo, sehemu mwaa mpya ulipoungwa, rangi inayotoka krimu kwenda kahawia kwa sababu majani hayakukauka sawasawa. Hizo zote ziache, na uzipige picha kwa karibu. Ubovu ni kitu kingine. Inua kikapu, kielekeze kwenye mwanga, uchungulie ndani. Nuru inayopenya kidogo kidogo kote ni ya kawaida, lakini mstari mrefu wa nuru kwenye mshono mmoja maana yake uzi umelegea, na kikapu kikitiwa viazi utaachia. Kunja ukingo polepole. Ukisikia mlio wa kukatika, majani yamekauka kupita kiasi. Kisha kinuse. Harufu ya nyasi kavu ni salama. Harufu ya chumba kilichofungwa pamoja na vidoa vyeusi ni kuvu, na kwa unyevu wa pwani kuvu haibaki kwenye kikapu kimoja, hasa ukivifungia vyote kwenye mfuko wa plastiki. Vya rangi visugue kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikitoka na rangi, nguo ya mteja itatoka nayo pia.

Sababu kubwa ya kukiweka juu ni usafiri. Kampuni nyingi za vifurushi vya nje hutoza kwa ujazo ikiwa ujazo unazidi uzito wa mizani: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 5000, upate kilo. Kikapu kilichokunjwa kwenye boksi la 40 kwa 35 kwa 5 ni kilo 1.4. Chungu cha kupikia chenye upana wa sentimita 25 kinahitaji nafasi ya kujazia pande zote, kwa hiyo boksi lake ni kama 40 kwa 40 kwa 40, yaani kilo 12.8. Chungu chenyewe hakikaribii hata nusu ya uzito huo, lakini utalipia hewa.

Cha pili ni kiondo cha mkonge kutoka bara. Hiki kinashika umbo, picha zake hutoka nzuri bila kuhangaika, na vya saizi tofauti huingizana kimoja ndani ya kingine. Nimekishusha kwa jambo moja: mwanga hauwezi kukuambia kama ni mkonge mtupu au umechanganywa na nailoni. Omba uzi uliobaki uuchome. Mkonge huungua kama karatasi ukawa jivu, nailoni huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Chenye nailoni kinauzika pia, ila kiandike hivyo.

Kuanzia hapa ni udongo, na udongo huficha. Chetezo nakipa nafasi ya tatu kwa kuwa ni kidogo; boksi la 25 kwa 25 kwa 25 ni kilo 3.1 tu, na nyumba za pwani hazikosi udi na ubani. Wingu jeusi ubavuni ni alama ya moto uliolamba wakati wa kuchoma, wala si uchafu. Baya ni kidoa cheupe chenye kishimo: hiyo ni chembe ya chokaa. Baada ya kuchomwa, chokaa hunywa unyevu wa hewa, huvimba, na huenda wiki kadhaa baadaye ikarusha kipande cha udongo. Hapa kwetu unyevu haukosekani. Kabla ya kuuza, tia mchanga au jivu chini, weka makaa, uone kama kinastahimili. Kimoja kwa kila fungu kinatosha.

Chungu kidogo cha kupikia ni cha nne. Kiweke juu ya kiganja, ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kwa mlio wazi, chenye ufa hujibu kwa sauti butu. Mama muuzaji akikwambia, “Gonga tu mwanangu, hakivunjiki,” ni dalili njema. Nyumbani kijaze maji, ukiweke usiku kucha juu ya gazeti. Kutoka jasho kote ni tabia ya udongo usiopakwa kitu, lakini mstari mmoja wenye maji ni ufa. Mwanga wa ubavuni unaopita karibu kabisa na uso wa chungu huonyesha nyufa ambazo mwanga wa mbele huzifuta, kwa hiyo kizungushe polepole mbele ya mlango. Kila chungu kiwe na picha yake. Kupiga kimoja ukauza kumi ndiko kunakoleta ugomvi.

Mtungi mkubwa wa maji ni wa mwisho, ingawa mimi binafsi naupenda kuliko vyote hivi. Maji hupoa kwa sababu yanapenya udongo na kukauka nje, na hapohapo ndipo chumvi nyeupe hujitokeza ubavuni baada ya muda, kitu ambacho picha ya siku ya kwanza haiwezi kuonyesha. Kuusafirisha nje hakuna hesabu inayokubali. Ukiutaka dukani, uandike wa kuchukuliwa Mombasa tu, upelekwe kwa tuktuk ukiwa umekalishwa ndani ya tairi kuukuu, mdomo juu, bila kitu ndani yake.