Kiswahili na Kiingereza: midundo miwili

Chukua jina Kanada. Mswahili hutamka ka-NA-da: mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini a zote tatu zinasikika kamili. Mwingereza hukaza ya kwanza, kisha mbili zilizobaki anazimeza, irabu zake zikififia.

Sikio lililozoea hivyo husaka maneno kwa kufuata silabi nzito. Likikutana na Kiswahili, ambako karibu hakuna irabu inayofifia, husikia mfululizo wa kasi usio na pa kushika. Mwaka 1940 mtaalamu wa fonetiki Arthur Lloyd James aliufananisha mdundo wa lugha za namna hii na bunduki ya rashasha. Naona mfano huo unapotosha: zikipimwa, silabi hazitoki na urefu sawa. Zinachokosa ni kumezwa tu.