Vamuthi ipi ununue, na kwa nini chupa ikishafunguliwa makao yake ni friji

Chupa iliyonisukuma kuandika haya ilikuwa ya lita moja. Niliinunua Desemba hapa Dar, vamuthi nyekundu ya Italia, yaani divai iliyotiwa viungo. Niliifungua sikukuu, tukanywa kidogo, nikaiweka kabatini sebuleni pamoja na konyagi na jini. Pasaka shemeji yangu alipokuja nikamchanganyia Negroni, kokteli ya jini, vamuthi na kinywaji kichungu kiitwacho Campari. Alionja mara moja, akaweka glasi chini, akaniuliza kwa upole kama nimetia maji ya tufaha. Nilinusa chupa. Kweli, ilinuka kama tufaha lililoangushwa likakaa na jeraha siku mbili. Nilimwaga zaidi ya nusu ya chupa kwenye sinki, na ile bei bado inaniuma.

Niliporudi dukani kuuliza, muuzaji alinijibu kwa uhakika kabisa: "Dada, pombe haiozi. Ikikaa ndiyo inazidi kuwa nzuri." Wasomaji wawili wameniandikia tangu hapo wakisema nao waliambiwa hivyohivyo. Kwa hiyo leo sitaanza na utamu, rangi wala sura ya chupa. Swali langu kwa kila chupa ni moja: utaimaliza kabla haijafa?

Muuzaji yule angekuwa nusu sahihi kama tungekuwa tunazungumzia konyagi: hiyo haiozi, ingawa ndani ya chupa haizidi kuwa nzuri. Vamuthi ni divai. Kwa sheria ya Ulaya angalau robo tatu yake lazima itokane na divai, na kileo chake kiwe kati ya asilimia 14.5 na 22. Divai hiyo huongezwa pombe kali kidogo, sukari, na viungo vilivyolowekwa: danzi, giligilani, kungumanga, mizizi michungu, na juu ya yote pakanga. Jina lenyewe linatokana na neno la Kijerumani la mmea huo. Hata ile nyekundu mara nyingi huanza kama divai nyeupe, ikapewa rangi kwa sukari iliyounguzwa. Antonio Benedetto Carpano alianza kuuza ya kwake Torino mwaka 1786, na tangu hapo kimsingi ni kitu kilekile: divai yenye viungo.

Ukifungua chupa, hewa inaingia. Oksijeni inaigeuza sehemu ndogo ya kileo kuwa asetaldehidi, na hiyo ndiyo harufu ya tufaha lililopondeka niliyoinusa mimi. Wakati huohuo harufu nyepesi za maua na maganda ya machungwa zinapotea, lakini uchungu wa mizizi unabaki palepale. Hata hivyo vamuthi iliyochoka haiwi kali kama siki. Kileo chake kinawabana bakteria wa siki wasifanye kazi vizuri. Inakuwa bapa, tamu bila uhai, kisha chungu mwishoni. Watu wengi wanaonja ladha hiyo mara ya kwanza na kuamini kwamba vamuthi ndivyo ilivyo, basi hawanunui tena.

Friji haizuii hali hii, inaichelewesha. Kwa kadirio la kawaida, mabadiliko ya aina hii huenda kasi mara mbili kila joto linapopanda nyuzi 10. Sebule yangu Machi ni nyuzi 30, friji yangu ni nyuzi 4. Ukipiga hesabu, kabatini divai inazeeka takribani mara sita zaidi ya kwenye friji. Wazungu wanaoandika kwamba chupa inaweza kukaa mezani wiki mbili wanaishi kwenye nyumba za nyuzi 18. Kwa Dar, Mombasa au Bujumbura, mimi naipa chupa iliyo nje wiki moja. Kwenye friji naipa nyeupe kavu, yaani isiyo tamu, mwezi mmoja, na nyekundu tamu hadi miezi miwili, maana sukari na viungo vizito vinaifichia uchovu.

Sasa twende kwenye ukubwa wa chupa, jambo ambalo hakuna anayelitaja dukani. Negroni inataka mililita 30 za vamuthi, 30 za jini na 30 za Campari. Chupa ya mililita 750 inatoa glasi 25. Nyumba yangu inakunywa glasi mbili kila Jumamosi, kwa hiyo chupa hiyo inachukua zaidi ya wiki 12. Hata kwenye friji nimeshachelewa kwa mwezi mzima. Kwa anayependa kokteli ya martini kavu ni mbaya zaidi: glasi moja inataka mililita 10 au 15 tu, maana yake chupa moja ni glasi 50 au zaidi. Chupa ya mililita 375 kwangu inaisha kwa wiki sita. Hiyo ndiyo chupa ya nyumba yenye wanywaji wawili, na hiyo ndiyo chupa ambayo maduka yetu hayaiagizi.

Basi orodha yangu, nikipanga kwa kipimo hicho.

Ya kwanza ni Noilly Prat kavu, na sioni haya kusema naipendelea. Inatoka Marseillan, kijiji cha pwani kusini mwa Ufaransa, na chimbuko lake ni mapishi ya Joseph Noilly ya mwaka 1813. Pale divai huwekwa kwenye mapipa ya mwaloni nje uani, ikapigwa na jua na upepo wa bahari kwa takribani mwaka mmoja kabla ya kutiwa viungo. Kwa maneno mengine, imeshakutana na hewa kabla haijafika kwako, na kileo chake cha asilimia 18 kinaisaidia pia. Kwenye friji yangu hakuna nyeupe iliyovumilia kuliko hii. Angalizo moja: rangi yake ya majani makavu na harufu kidogo ya kokwa si ugonjwa, imezaliwa hivyo. Usiimwage kwa kudhani imeharibika. Na sababu ya pili ya kuipa nafasi ya kwanza ni jikoni. Wafaransa wanaitia kwenye mchuzi wa samaki, nami naiweka kwa changu na kamba. Kaanga kitunguu kidogo kwa siagi, mimina nusu kikombe, acha ichemke hadi ibaki robo, kisha tia krimu. Chupa yenye njia mbili za kuisha haifii kwenye friji.

Ya pili ni Martini Rosso kwa wanywaji wa Negroni. Kampuni hii ilianza 1863 karibu na Torino, na tafadhali usichanganye jina la chupa na kokteli ya martini, ambayo kwa kweli ni jini na vamuthi kavu. Si ya ajabu kwa ladha. Naiweka hapa kwa sababu inauzika haraka, kwa hiyo ile unayochukua rafuni haijakaa miaka. Ubichi wa chupa ya kawaida unaishinda sifa ya chupa ya kifahari iliyozeeka dukani.

Ya tatu ni Carpano Antica Formula. Wapenzi wake watanichukia. Ina vanila nzito, nzuri mno, na ningeiweka juu kama ningeipata ndogo. Lakini ninapoiona huwa ni ya lita moja, ya bei kubwa. Inunue ukiwa na sherehe ya watu kumi siku hiyohiyo, si vinginevyo.

Za bei rahisi sina mengi. Soma asilimia kwenye lebo. Ikiwa chini ya 14.5, hicho ni kinywaji cha divai yenye viungo, si vamuthi.

Vinywaji vichungu vyenyewe ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wanapokosea upande wa pili kwa kujaza friji bila sababu. Campari, iliyoanza Novara mwaka 1860, haina divai ndani. Ni pombe kali, maji, sukari na viungo vichungu, yenye kileo cha kati ya asilimia 20.5 na 28.5 kulingana na soko. Iache kabatini mbali na jua, itakaa miezi mingi bila kuhangaika. Ukiwa na bajeti ya chupa moja tu, nunua hii. Tia mililita 30 juu ya barafu, jazia soda na kipande cha danzi au chungwa. Aperol, ya Padova tangu 1919, ni laini zaidi, na kileo chake ni asilimia 11 tu. Sukari yake nyingi inailinda, ila mimi naiweka kwenye friji, na kwa kuwa hunywewa baridi sioni hasara. Lillet na Cocchi Americano zinauzwa rafu moja na hizi, lakini zile ni divai. Kanuni ya vamuthi inazihusu.

Kama dukani kuna kubwa tu, fanya ninavyofanya sasa. Tafuta chupa mbili ndogo za kioo zenye kizibo cha kuzungusha, za mililita 250 hivi. Zichemshe, zikaushe kabisa. Siku ileile unayofungua vamuthi, zijaze hadi ukingoni kabisa, kusiwe na nafasi ya hewa, uzifunge na uzilaze ndani ya friji. Unakunywa ile iliyobaki kwenye chupa kubwa kwanza. Kumimina kunaingiza hewa kidogo, hilo haliepukiki, lakini ndogo ya mwisho niliyoifungua wiki ya tisa ilikuwa bado na harufu ya danzi. Na siku ya kufungua chupa, onja kijiko kimoja ikiwa peke yake. Usipokumbuka ilivyokuwa siku ya kwanza, hutajua imebadilika lini.

Ninachowadai wauzaji ni kidogo. Chupa ya pili niliyonunua ilikuwa imepangwa dirishani ikitazama jua la jioni, lebo imepauka, vumbi shingoni. Bei ilikuwa ileile ya chupa mpya. Iliyofungwa haihitaji friji, ila mwanga na joto vinaichosha hata kabla ya kizibo kufunguka. Nilipouliza kama ipo nyingine stoo, kijana alikwenda akarudi na katoni haijafunguliwa, akanipa chupa safi bila kinyongo. Kwa hiyo usichukue ya dirishani. Mwambie, "Kaka, naomba ya kwenye katoni," na uulize pia lini wataleta ndogo. Wakiulizwa na wengi wataziagiza.