Uzoefu Wangu na Miwani ya Kusomea: +3.00 au +2.00?

Nimetumia kwa zamu miwani mbili za kusomea zinazouzwa zikiwa tayari, moja ya dayopta +3.00 na nyingine ya +2.00, dayopta ikiwa kipimo cha nguvu ya lenzi, na kwa macho kama yangu napendekeza ile yenye nguvu ndogo, ingawa hesabu ya vitabu vya fizikia huelekeza kwenye ile kubwa.

Vitu vya mbali naviona vizuri bila miwani. Tatizo ni nukta yangu ya karibu, yaani umbali mfupi kabisa ambao maandishi husomeka bila ukungu: imesogea hadi mita 1, kwa sababu lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosonga. Vitabu huchukulia kwamba jicho la kawaida husoma hata kwa sentimita 25, kwa hiyo lenzi mbinuko inatakiwa kuyafanya maandishi yaliyo hapo yaonekane kana kwamba yako mita 1. Nguvu yake kwa dayopta, umbali ukiwa kwa mita, ni 1/0.25 − 1/1, yaani 4 − 1 = 3.

Hesabu hiyo ni sahihi, ila kwa sentimita 25 jicho hutumia uwezo wake wote wa kujikaza, ambao kwangu ni dayopta 1 tu. Zaidi ya hapo, jicho likiwa limelegea kabisa, miwani ya +3.00 huonyesha vizuri hadi theluthi moja tu ya mita, takribani sentimita 33. Nafasi ya kusomea ni nyembamba mno: nikikiteremsha kitabu mapajani herufi hufifia, na nikikirudisha karibu na uso macho huchoka mapema.

Kwa miwani ya +2.00 nafasi hiyo huanzia sentimita 33 hadi 50. Mikono yangu hushika kitabu kwa sentimita 40 hivi, umbali unaohitaji dayopta 2.5; miwani hutoa 2, jicho huongeza nusu, na nusu nyingine hubaki akiba. Hapo nasoma kwa muda mrefu bila kuumwa kichwa. Skrini ya kompyuta iliyo sentimita 65, hata hivyo, haifikiwi na miwani yoyote kati ya hizi. Hiyo ingehitaji +1.00.

Nguvu iliyoandikwa kwenye fremu niliihakiki kwa kuelekeza lenzi dirishani na kutafuta taswira ya miti ya mbali ukutani: ya +2.00 iliitoa kali kwa nusu mita, kama inavyotakiwa.

Kasoro ya miwani za aina hii ni kwamba lenzi zote mbili zina nguvu ileile na hazirekebishi astigmatizimu, yaani mpindo usio sawa wa uso wa jicho, hivyo mwenye macho yanayotofautiana apimwe na mtaalamu. Anayezijaribu dukani ashike maandishi kwa umbali aliouzoea: akijikuta anayavuta usoni, nguvu imezidi, akiyasukuma mbali, imepungua.