Tux Typing kwenye klabu yetu ya Ngamiani: uzoefu wangu

Klabu yetu ya vijana hapa Ngamiani, Tanga, ina kompyuta saba za mezani za biti 32, kila moja ina RAM ya GB 1, na intaneti hatuna. Michezo ya 3D ilikuwa inagandisha skrini. Tux Typing, mchezo wa kujifunzia kuandika kwa kibodi, haikuzisumbua kabisa, kwa kuwa picha zake ni za kawaida na haihitaji kadi maalumu ya picha. Samaki wanaanguka wakiwa na maneno mgongoni. Mtoto akiliandika neno kabla samaki hajafika chini, pengwini anamla.

Kazi ilikuwa kuufikisha mchezo klabuni. Mara ya kwanza nilipakua faili kwenye laptop yangu ya Debian, nikabeba kwa flashi. Mchezo ukagoma kusakinishwa: laptop yangu ni `amd64`, yaani biti 64, na kompyuta za klabu ni `i386`, yaani biti 32. Nikaazima kompyuta ya biti 32 yenye toleo la Debian lilelile la kompyuta za klabu, nikaiunganisha na intaneti ya simu:

```
sudo apt update
sudo apt clean
sudo apt install --download-only tuxtype
```

Faili zinakaa `/var/cache/apt/archives`. Hapa kuna mtego mwingine. Kompyuta unayopakulia ikiwa tayari ina baadhi ya maktaba, `apt` haizipakui tena, na ukifika klabu zinakosekana. Kwa hiyo tumia mashine iliyosakinishwa upya, isiyo na mambo mengi. Baada ya kunakili faili zote za `.deb` kwenye folda moja, ingia kwenye folda hiyo kisha:

```
sudo dpkg -i *.deb
```

Kilichonifurahisha zaidi ni orodha za maneno. Tulizoanza nazo zilikuwa za Kiingereza, na watoto wa darasa la nne walikuwa wanakwama kwenye maneno, si kwenye vidole. Orodha ni maandishi matupu: mstari wa kwanza ni jina lake, kisha neno moja kila mstari.

```
TANGA
MKONGE
DAGAA
MUHOGO
PANGANI
```

Tangu niweke hii, wanasoma neno mara moja na macho yanabaki kwenye skrini. Maneno yetu yana A nyingi, na A inabonyezwa na kidole kidogo cha kushoto, kile ambacho wote walikuwa wanakikwepa. Sasa kimeanza kufanya kazi.

Lakini orodha ya Kiswahili peke yake haitoshi. Q na X hazimo katika maneno yetu, na C haiji bila H, hivyo vidole havijifunzi njia ya kwenda huko. Niligundua pale kijana mmoja mwenye kasi nzuri alipotakiwa kuandika "Excel" akaanza kuitafuta X kwa macho. Nikaongeza mistari kama XA, QU na CO katikati ya orodha. Si maneno, ila samaki wanaanguka nayo vilevile na pengwini anakula.