Uzoefu wangu na astar_path ya NetworkX kwenye barabara za Tanzania

Kazi yangu ni kupanga njia za usafirishaji wa vifurushi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikitumia maktaba ya NetworkX ya lugha ya Python pamoja na ramani za OpenStreetMap ninazozipakua kwa OSMnx. Ndani ya NetworkX kuna fanksheni mbili ambazo kwa mbali zinaonekana kufanya kazi moja: `dijkstra_path` na `astar_path`. Zote mbili hutafuta njia yenye jumla ndogo zaidi ya uzito kati ya makutano mawili ya barabara, na zikitumiwa ipasavyo hutoa jibu lenye urefu uleule. Tathmini hii inahusu ile ya pili, ambayo naiona ni nzuri sana mikononi mwa anayeelewa sharti lake moja, na ni ya kawaida tu, au hata ya hatari, kwa asiyelielewa.

Nianze na kile inachokifanya. Algoriti ya Dijkstra, iliyochapishwa mwaka 1959, hujua jambo moja tu kuhusu kila makutano, yaani umbali uliokwisha kusafiriwa kutoka mwanzo. Kila mara huchukua makutano yaliyo karibu zaidi na mwanzo, huyafunga, yaani huuchukua umbali wake kuwa wa mwisho, kisha husogea kwa yanayofuata, bila kujali kama mwisho wa safari uko mashariki au magharibi. A*, ambayo Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael waliichapisha mwaka 1968 wakiwa katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, huongeza jambo la pili: makisio ya umbali uliobaki. Makutano huchaguliwa kwa jumla ya hayo mawili, yaani umbali uliosafiriwa na umbali unaokisiwa kubaki.

Tofauti hiyo huonekana wazi katika safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, nikitumia umbali wa kukadiria kwa kilometa. Kutoka Dar hadi Chalinze ni kama 110, Chalinze hadi Morogoro 85, na Morogoro hadi Dodoma 260, jumla 455. Dijkstra hawezi kuifunga Dodoma kabla ya kufunga kila mji ulio ndani ya kilometa 455 kutoka Dar, kwa hiyo atapita Kibiti kuelekea kusini, atapanda Segera na Korogwe, atafika Tanga mjini, na atashuka hadi Mikumi, ingawa hakuna msafiri wa Dodoma anayeweza kunufaika na njia hizo.

A* ikitumia umbali wa mstari ulionyooka kama makisio, hesabu inabadilika. Chalinze imesafiriwa 110, na kutoka hapo hadi Dodoma kwa mstari ulionyooka ni kama 293, hivyo alama yake ni 403. Morogoro ni 195 kujumlisha 224, yaani 419. Segera imesafiriwa 245, lakini bado ina kama 325 za mstari ulionyooka, na alama yake inafikia 570. Kibiti inapata takribani 533 na Mikumi takribani 509. Dodoma yenyewe, ikishafikiwa kupitia Morogoro, ina alama 455 kwa kuwa makisio yake ni sifuri. Foleni ya kipaumbele hutoa alama ndogo kwanza, kwa hiyo Dar, Chalinze, Morogoro na Dodoma hutoka kwa mfuatano huo, na kazi huishia hapo. Segera, Kibiti na Mikumi zinabaki kwenye foleni bila kufunguliwa, yaani bila barabara zinazotoka humo kuchunguzwa, na yote yaliyo nyuma yake, Korogwe na Tanga zikiwemo, hayaguswi kabisa.

Swali ambalo mtu makini atauliza ni hili: tunajuaje kwamba kupitia Mikumi hakuna njia fupi kuliko 455? Jibu liko katika sharti nililolitaja, kwamba makisio yasizidi kamwe umbali halisi uliobaki. Hakuna barabara iliyo fupi kuliko mstari ulionyooka, kwa hiyo 509 ya Mikumi ndiyo bahati nzuri kupita zote inayoweza kutokea kwa njia inayopita hapo, hata kama kungekuwa na barabara mpya iliyonyooka kama rula hadi Dodoma. Bahati hiyo bado ni mbaya kuliko 455 tuliyo nayo tayari. Makisio yanayopunja yanaweza kukuchelewesha, lakini hayawezi kukunyima njia fupi. Yanayozidisha yanaweza kuifanya njia bora ionekane ghali na kuachwa kwenye foleni hadi mwisho.

Katika msimbo, makisio hayo ni mafupi. Ramani za OSMnx huweka longitudo kwenye `x`, latitudo kwenye `y`, na urefu wa kila kipande cha barabara kwa mita kwenye `length`:

```python
import math
import networkx as nx

def makisio(u, t):
    a, b = G.nodes[u], G.nodes[t]
    p, q = math.radians(a["y"]), math.radians(b["y"])
    d = math.radians(b["x"] - a["x"])
    s = (math.sin((q - p) / 2) ** 2
         + math.cos(p) * math.cos(q) * math.sin(d / 2) ** 2)
    return 2 * 6371009 * math.asin(math.sqrt(s))

njia = nx.astar_path(G, mwanzo, mwisho,
                     heuristic=makisio, weight="length")
```

Ukiacha kuandika `heuristic`, NetworkX huchukua makisio kuwa sifuri kila mahali, na hapo umepata Dijkstra kwa jina jingine. Nimekutana na watu wanaolalamika kwamba `astar_path` haina kasi yoyote ya ziada, na mara nyingi sababu ni hiyo, au ni jamaa yake wa karibu: makisio yaliyohesabiwa kwa nyuzi za longitudo na latitudo wakati uzito uko katika mita. Pale Morogoro, tofauti ya nyuzi 2 ikijumlishwa na mita 195,000 haisogezi chochote. Jibu litakuwa sahihi, lakini utafutaji utasambaa pande zote kama kawaida, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaouona.

Kosa la upande wa pili ndilo baya, na hutokea mtu anapohama kutoka umbali kwenda muda. Wateja wetu hawaulizi kilometa, wanauliza dakika, kwa hiyo uzito unaofaa ni `travel_time`, ambao OSMnx huutoa kwa sekunde. Ukiubadilisha uzito na kuacha makisio katika mita, makisio yanakuwa makubwa mno kuliko ukweli, na fanksheni itakurudishia kwa haraka ya kupendeza njia ambayo si bora. Ili sharti lilindwe, mita lazima zigawanywe kwa kasi kubwa kabisa iliyomo kwenye grafu nzima, si kwa kasi ya wastani. Ikiwa kuna hata kipande kimoja cha kilometa 100 kwa saa, unagawanya kwa mita 27.8 kwa sekunde, usije ukazidisha makisio kwa gari litakalobahatika kukipita.

Hapo ndipo faida inapopungua, na sipendi wanaoitangaza A* bila kulisema hili. Chukua safari ya mjini yenye kilometa 9 kwa mstari ulionyooka, ambayo kwa barabara ni kilometa 12 zinazopitwa kwa kilometa 30 kwa saa. Muda halisi ni sekunde 1,440, ilhali makisio salama kwa kilometa 100 kwa saa ni sekunde 324 tu, chini ya robo ya ukweli. Makisio dhaifu kiasi hicho bado ni halali, lakini huelekeza kidogo, na makutano mengi ya pembeni yatafunguliwa. Kwa grafu ya mji ambamo hakuna barabara za kasi, mimi huikokotoa upya kasi kubwa kabisa kutoka kwenye grafu hiyohiyo badala ya kubeba ile ya nchi nzima, na tofauti huonekana.

Jiografia nayo ina neno lake. Kutoka Magogoni hadi Kigamboni ni mkondo wa maji usiofika kilometa moja, lakini ramani ya magari ya OSMnx haina kivuko, kwa hiyo gari lazima lizunguke Kurasini na kuvuka Daraja la Nyerere lililofunguliwa mwaka 2016. Makisio yanasema umekaribia kufika; utafutaji unajazana ufukweni, unafungua kila kichochoro cha Posta, na unachelewa kuondoka kwa sababu kuondoka kunaonekana ni kurudi nyuma. Jibu linalotoka ni sahihi, ila kasi imeliwa. Dawa ninayoijua ni ya Andrew Goldberg na Chris Harrelson, ya mwaka 2005: unachagua makutano machache kama alama za kudumu, unahesabu mapema umbali wa barabara kutoka kwenye kila alama hadi makutano yote, kisha makisio yanakuwa umbali wa alama hadi mwisho kutoa umbali wa alama hadi ulipo, ukichukua iliyo kubwa kati ya alama zote, au sifuri kama zote ni hasi. Makisio hayo hayazidi ukweli, na kwa kuwa yametokana na barabara zenyewe, alama iliyowekwa vizuri upande wa mjini inajua kwamba Kigamboni iko mbali. Gharama yake ni kumbukumbu ya kompyuta, na kuhesabu upya kila ramani inapobadilika.

Kabla ya kuyaamini makisio yoyote mapya, napitisha ukaguzi huu juu ya vipande vyote vya barabara, `t` ikiwa ni mwisho wa safari:

```python
mbovu = [(u, v) for u, v, k in G.edges(data=True)
         if makisio(u, t) > k["length"] + makisio(v, t) + 0.01]
```

Orodha ikiwa tupu, na makisio ya mwisho wenyewe yakiwa sifuri, sharti limetimia kwa kila makutano yanayoweza kuufikia mwisho huo. Ikiwa na vitu ndani, mara nyingi ni vipimo vilivyochanganywa, au kipande ambacho mtu amekihariri na kukipa urefu mfupi kuliko umbali wa ncha zake.

Kuhusu kasi kwenye saa ya ukutani, mpinzani wa haki si `dijkstra_path`. Ukiita `nx.shortest_path` kwa mwanzo, mwisho na uzito, NetworkX hutumia Dijkstra wa pande mbili, anayetafuta kutoka kila ncha hadi wakutane, naye ni mgumu kumshinda. Makisio yakiandikwa kwa NumPy kwa ajili ya namba mojamoja, gharama ya kuyaita inaweza kumeza akiba yote ya makutano yasiyofunguliwa. Ndiyo maana hapo juu nimetumia `math`. Kwa safari ndefu zenye uzito wa umbali nachagua `astar_path`. Kwa safari fupi za mjini zenye uzito wa muda nabaki na `shortest_path`. Ninapotaka umbali kutoka ghala moja hadi wateja wote, A* haina nafasi kabisa, kwa kuwa hakuna mwisho mmoja wa kuelekea.

Na kama njia haipo, makisio hayasaidii chochote. Pakua Tanzania nzima kwa `retain_all=True`, ili visiwa visiachwe nje, uliza njia ya gari kutoka Kariakoo hadi Mji Mkongwe wa Unguja, na A* itafungua kila makutano ya bara yanayofikika, hadi mipakani, kabla ya kukurushia `NetworkXNoPath`. Kwa hiyo huanza na `nx.has_path`, ambayo nayo hupita grafu lakini bila foleni ya kipaumbele wala hesabu za makisio, au nahifadhi mapema, kwa kila makutano, namba ya kundi lake la makutano yaliyounganishwa kwa barabara, kisha nalinganisha namba mbili tu.