Uzoefu wangu na dodoso la MDQ: zuri kwa kuchuja, dhaifu kwa kutenganisha baipola ya pili na bodalaini

Nalitumia MDQ, dodoso la kuchuja baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi na kushuka kwa vipindi, katika kliniki ya wagonjwa wa nje, hasa kwa wanaokuja na sonona inayorudi-rudi. Ni karatasi moja, haigharimu kitu, na mgonjwa huimaliza kwa dakika kama tano. Kuna maswali 13 ya ndiyo au hapana kuhusu dalili za kuchangamka kupita kiasi, kisha swali la iwapo dalili hizo zilitokea kipindi kimoja, na la mwisho linalouliza zilimletea matatizo kiasi gani. Ndiyo 7 au zaidi, kwa pamoja, na matatizo ya wastani au makubwa: hapo dodoso linasema chunguza baipola.

Shida ni kwamba mwenye tatizo la haiba ya mpakani, yaani bodalaini, hulivuka kizingiti hicho kwa urahisi. Dodoso halimuulizi kila dalili ilidumu muda gani wala ilianzishwa na nini, na tofauti yenyewe imejificha humo humo. Haipomania ya baipola ya pili, yaani kuchangamka kupita kiasi lakini si kwa ukali wa mania, inatakiwa idumu siku 4 mfululizo au zaidi, karibu kutwa nzima, nguvu zikiwa zimeongezeka, na watu wa karibu waone kwamba mtu amebadilika. Hisia za bodalaini hupanda na kushuka kwa saa, mara chache zaidi ya siku chache, na mara nyingi utakuta kuna ugomvi au hofu ya kuachwa nyuma yake.

Kwa hiyo kila “ndiyo” nairudia kwa mdomo: mara ya mwisho ilikuwa lini, ilikaa siku ngapi, kabla yake kulitokea nini, usingizi ulikuwaje? Tuchukue mfano wa kubuni wa binti wa miaka 24 mwenye sonona na makovu ya kujikata, aliyepata 9 kati ya 13. Hasira kali: jioni aliyogombana na mchumba, ikaisha alipopigiwa simu. Mawazo kukimbia: ni ugomvi ule ule ukizunguka kichwani. Matumizi ya hovyo: alinunua simu kwa mkopo siku walipoachana, kesho yake akajuta. Kulala kidogo: alilala kwa saa 3 tu, akaamka hoi. Hilo la usingizi ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, kwa sababu mwenye haipomania hulala kwa saa 3 au 4 tu na bado anaamka na nguvu tele. Aliyekosa usingizi kwa uchungu huutamani. Mwisho wa mazungumzo, zile 9 zinabaki 2.

Hata hapo siandiki jibu siku hiyo. Anapewa chati ya wiki 4: hisia asubuhi, mchana na jioni, saa alizolala, na tukio kubwa la siku. Chati ikipanda na kushuka ndani ya siku moja kufuata mahusiano, na dada yake akasema hajawahi kumwona “juu” kwa siku 4, naelekea kwenye vigezo 9 vya bodalaini, ambavyo 5 vinatosha. Naangalia pia kama mambo haya yapo tangu ujanani, hata siku ambazo hana sonona.

Dodoso hukosea upande wa pili pia, na sidhani watu wanalisema hili vya kutosha. Mwalimu mwenye sonona anaweza kupata 8, na kwenye swali la matatizo akajibu “hakuna”, maana zile wiki anazikumbuka kama siku zake bora. Mkewe ndiye anayesimulia: wiki nzima alilala kwa saa 4 tu kila usiku, akaanzisha biashara mbili, akapigia watu simu usiku. Haipomania kwa maana yake haivurugi maisha kama mania, sasa swali hilo la matatizo linamtupa nje mtu tuliyekuwa tukimtafuta. Kwa wagonjwa wa aina hii naona HCL-32, dodoso jingine la kutafuta haipomania, inafaa zaidi, ingawa nayo haimtengi mwenye bodalaini.

Kabla ya yote uliza miraa. Anayetafuna hukesha akiongea, kisha siku inayofuata anaporomoka, na karatasi haitajua.

Alama yangu: 3 kati ya 5 kama chujio, 1 kama kipimo cha kutofautisha. Wengine wana magonjwa yote mawili, na kama chati haijaamua, andika kwenye faili “haijathibitika” na umpangie kurudi. Kumwanzishia lithiamu, dawa ya baipola, kwa alama za MDQ pekee mtu aliyewahi kumeza vidonge ili ajiue ni hatari, kwa kuwa dozi yake ya sumu haiko mbali na ya tiba. Ikilazimu, apimwe figo na tezi ya shingo kwanza, dawa zitolewe za wiki moja moja, na ndugu azitunze.